Sekunde Saba za Bure Hazipo

Wiki hii huyu ni wa tano. Kijana wa Ngamiani mwenye chaneli ya YouTube, kaingia ofisini simu mkononi, hata kiti hajavuta: "Shikamoo kaka. Wamenipiga klemu, na mimi nimetumia sekunde saba tu za wimbo!" Klemu ni dai la mwenye wimbo juu ya video yako.

Mwanangu, hizo sekunde saba za bure nani aliwapa? Wengine husema kumi, wengine thelathini. Hazipo. YouTube haina kanuni hiyo, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 nayo haihesabu sekunde. Mwenye wimbo hupeleka rekodi yake kwenye Content ID, mtambo wa YouTube wa kutambua kazi za watu, nao unaihifadhi kama alama ya kidole, kisha kila video inayopakiwa inalinganishwa nayo. Ikilingana, mwenyewe ndiye anayechagua: aizuie video, achukue pesa za matangazo, au aiache na kufuatilia takwimu tu.

Video ya kijana huyu ni ya mapango ya Amboni, dakika 14, kayatembelea na kuyasimulia mwenyewe vizuri sana. Taarabu kaiweka mwanzoni tu, inasikika chini ya sauti yake. Mwenye wimbo kachagua pesa, na hapo ndipo watu hawanielewi: hachukui pesa za sekunde saba, anachukua za video nzima.

Dawa ilikuwa kwenye YouTube Studio, pale unaposimamia video zako. Ukibonyeza klemu unapata Trim out segment, Replace song na Mute song. Mute song hujaribu kuondoa muziki na kuacha maneno, ingawa si mara zote sauti hubaki safi. Replace song inakuwekea wimbo ulioruhusiwa. Kwake ningechagua Trim out segment: kata sekunde saba, simulizi haipungukiwi kitu. Kipande kikishaondoka klemu inafutika, na pesa za kuanzia hapo ni zako. Zilizokwisha kwenda hazirudi.

Yeye kafanya nini? Kapinga klemu, sababu kaandika "nimemtaja mwimbaji". Kumtaja mtu si kupewa ruhusa naye. Vivyo hivyo yale maandishi ya "sina nia ya kuvunja hakimiliki": hayamzuii mtu yeyote, ila yanaonyesha ulijua kuwa mali si yako. Mwenye wimbo ana siku 30 za kujibu. Kakataa. Kijana kakata rufaa, ambayo hujibiwa ndani ya siku 7, na safari hii mwenye wimbo kaomba video iondolewe kisheria. Klemu peke yake haiiumizi chaneli. Ombi hilo ndilo lililomletea straiki, yaani onyo rasmi la hakimiliki, na straiki tatu ndani ya siku 90 chaneli inafungwa. Katoka kwenye jambo la kukata sekunde saba mpaka kwenye straiki, kwa ushauri wa kijiweni.

Kupinga ni haki yako pale tu unapokuwa na ruhusa ya maandishi au mtambo umekosea kweli. Hapo pinga ndani ya siku 5 tangu klemu iingie, ili pesa zishikiliwe tangu siku ya kwanza mpaka shauri liishe.

Visingizio vingine navyo havisaidii. "Nimeupiga mwenyewe kwa kinanda." Wimbo una haki mbili, ya rekodi na ya utunzi. Kinanda chako kimekwepa rekodi, utunzi bado una mwenyewe, na Content ID inatambua hata melodi. "Ni muziki wa harusini, ulikuwa unapigwa na didijei." Mtambo hauulizi spika ilikuwa ya nani.

Kuna jambo la pili ambalo watu wanalichanganya na hili: maudhui yaliyotumika tena. Dada mmoja ana chaneli ya vipande vya vichekesho alivyokusanya, na wenye vipande wote wamemruhusu. Klemu hana hata moja, lakini kaomba YouTube imlipe pesa za matangazo, kakataliwa. Ruhusa inamaliza suala la hakimiliki tu. Hapa wakaguzi wa YouTube wanaiangalia chaneli kwa ujumla: mada yake kuu, video zinazotazamwa zaidi, mpya kabisa, na zile zinazobeba saa nyingi za kutazamwa. Wanatafuta umeongeza nini wewe. Kuunganisha vipande na kuweka muziki hakuhesabiwi. Kuonekana ukivichambua, au kuvisimulia kwa maelezo yako mwenyewe, kunahesabiwa.

Dada huyo nimemwambia asikimbilie kuomba tena. Ana siku 21 za kukata rufaa, lakini rufaa inafaa kama wamekosea, na hapa hawajakosea. Afute au afiche zile video ndefu za vipande vilivyokusanywa tu, aweke zenye sauti yake, kisha aombe upya baada ya siku 30. Akikataliwa mara ya pili, kusubiri kunakuwa siku 90.