Wali kiporo: moto hauondoi sumu

"Lakini daktari, niliupasha mpaka ukafuka moshi!" Maneno haya nimeyasikia tena juzi, kutoka kwa mama aliyeleta watoto wawili wanaotapika. Nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara anayeyasema ni mzazi makini, anayeamini kabisa kwamba amefanya inavyopasa.

Alipika wali wa nazi saa mbili usiku. Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni, hivyo uliobaki akaufunika na kuuacha ndani ya sufuria juu ya jiko. Dar es Salaam usiku wa joto, jikoni dirisha limefungwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi akaukaanga kwa mafuta kidogo, watoto wakanywea chai, wakaenda shule. Saa tatu shule ikapiga simu.

Dhana: Ukipasha moto vizuri, kila kibaya kinakufa.

Ukweli ni kwamba kinachokufa ni bakteria. Sumu waliyokwisha kuitoa haifi, kwa sababu haina uhai.

Mchele mkavu hubeba spora za bakteria wa udongoni. Spora hizo zina ganda gumu, na maji yanayochemka hayazimalizi. Wali ukishaiva na kuanza kupoa polepole, zinaamka, zinakuwa bakteria hai na kuzaana. Wakipata saa za kutosha kwenye joto la chumba, wanaacha ndani ya wali sumu inayotapisha. Sumu hiyo inastahimili hata nyuzi 121 za Selsiasi kwa zaidi ya saa moja, na sufuria yako ya kawaida haifiki huko. Inaingia tumboni ikiwa tayari, ndiyo maana kutapika huanza mapema, kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Tena ndiyo maana antibiotiki unazokimbilia kununua dukani hazisaidii hapa: mtoto amekunywa sumu, kinachomsumbua si mdudu wa kuuawa. Anachohitaji ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kijiko kimoja kimoja. Akilegea sana au asipokojoa, mlete hospitali.

Kwa hiyo usalama wa kiporo huamuliwa usiku, wakati wa kupoza. Mimi nasisitiza sinia. Mara mkimaliza kula, tandaza wali uliobaki kwenye sinia pana, kina chake kisizidi vidole viwili, mvuke utoke. Ndani ya saa moja uwe umeingia kwenye friji inayofanya kazi, ndani ya chombo kifupi chenye mfuniko. Uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu. Ukiuacha umeshindiliwa ndani ya sufuria, katikati hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, hata kama juu umepoa.

Kama umeme haupo na hujui utarudi lini, pika wali wa kuisha. Uliolala nje utupe. Najua bei ya mchele, na bado nasema utupe.

Dhana: Chakula cha moto kinaharibu friji, kwa hiyo kisubiri mpaka asubuhi.

Sufuria nzima inayochemka itapasha joto vilivyomo, hilo kweli. Lakini chakula chenye uvuguvugu kwenye vyombo vifupi friji inakimudu. Mchuzi wa nyama au maharage ya sufuria kubwa gawa kwenye bakuli, ziweke ndani ya beseni la maji baridi, koroga, kisha ingiza. Mchuzi mzito nao una bakteria wake, wanaozaana haraka sana ukiwa vuguvugu. Hao kuchemsha huwaua, mradi uchemke wote kwa kukorogwa, siyo kutokota pembeni tu.

Dhana: Hakinuki, basi ni kizima.

Wali wa yule mama haukunuka wala kuteleza. Sumu hii haina harufu.

Dhana: Umeme umerudi, friji inapuliza baridi, mambo yamekwisha.

Friji isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban saa nne. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Ila mara nyingi hamjui ulikatika kwa muda gani, hasa mkiwa kazini. Gandisha maji kwenye kikombe cha plastiki, weka sarafu juu ya barafu, acha kwenye friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini na barafu imeganda juu yake, ujue maji yaliyeyuka yote kisha yakaganda upya, na nyama iliyokuwa jirani yake nayo ililegea. Kikombe hicho hakisemi lolote kuhusu sehemu ya chini ya friji. Huko hesabu saa nne, na kama umeme ulikatika kwa zaidi ya hapo, kiporo, maziwa na samaki wa kupikwa viondoe.