Asilimia mia haimaanishi picha imefika

Nimeletewa tena skrini ya kupakia picha niikague na nimekuta kitu kilekile: mstari unajaa mpaka asilimia 100, unageuka kijani, alama ya vema inatokea na neno "Imefanikiwa". Developa ananiambia iko poa. Haiko poa bana. Imefanikiwa nini? Ukimuuliza hivyo anakujibu "si imefika mia", na hapo ndo ninapochoka, maana hii imani kwamba mia ni kufika nakutana nayo kila mahali.

Ule mstari unapima kitu kimoja tu, baiti ambazo brauza imeshazitoa mkononi mwake. Imezikabidhi kwa simu au kompyuta izipeleke, basi. Nyingine bado zimekaa kwenye bafa zinasubiri zamu, ndo maana picha ndogo inaruka kutoka sifuri hadi mia papo hapo hata kama mtandao unakokota.

Chukua picha ya MB 6 na mtandao unaopandisha megabiti 1 kwa sekunde. Hiyo ni sekunde 48 za kusukuma, kwa hiyo kwenye sekunde ya 48 mstari umejaa. Sasa upande wa pili kuna nini? Mara nyingi mbele ya apu kuna nginx, na hata ukishairuhusu ipokee faili kubwa kama hili, kwa kawaida inapokea faili lote kwanza, inaliweka pembeni, ndo inaanza kuipa apu (`proxy_request_buffering` inakuja ikiwa `on`). Yaani mstari umejaa na apu yako haijaona hata baiti moja! Baada ya hapo apu inatakiwa ifungue picha, iikague, iipunguze, iihifadhi, iandike kwenye databesi. Tuseme hiyo kazi inakula sekunde 8. Mtu ameona kijani, amefunga ukurasa kwenye sekunde ya pili kati ya hizo nane. Nginx ikiona mteja kaondoka inakata na muunganisho wake na apu, na hapo kama apu itamaliza kazi au itaiacha katikati inategemea ilivyoandikwa. Kesho mtu analalamika picha yake imepotea na mnamwambia hakupakia. Alipakia, nyie ndo mlimwambia aende. Ukitaka kujua kama mna huu ugonjwa angalia logi za nginx kwenye ile njia ya kupakia, tafuta namba 499, hiyo ndo inaandikwa mteja akiondoka kabla ya jibu.

Kwenye kodi kuna matukio mawili yenye majina yanayofanana na watu wanashika lile lisilo lake:

```js
xhr.upload.onprogress = e => {
  if (e.lengthComputable) bar.value = e.loaded / e.total;
};
xhr.upload.onload = () => {
  bar.removeAttribute('value');
  ujumbe.textContent = 'Tunaihifadhi, usifunge ukurasa';
};
xhr.onload = () => soma(xhr.status, xhr.responseText);
```

La katikati linasema tumemaliza kutuma, la mwisho ndo seva imejibu. Kijani hakiruhusiwi kuonekana kabla ya hilo la mwisho, na hata likija bado usome namba ya jibu kwanza, kwa sababu `xhr.onload` inaitwa hata seva ikijibu 500. Ukiiondoa `value` kwenye `<progress>` inakuwa mstari unaotembeatembea bila kiasi, ambao ndo ukweli wa wakati huo, kwa sababu hatujui seva itachukua muda gani. Wengine wanausimamisha mstari kwenye 90 wakisubiri jibu. Kusema kweli sina uhakika njia ipi watu wanaielewa vizuri zaidi, mstari uliokwama kwenye 90 nao unatia wasiwasi, ila angalau haudanganyi kwamba kazi imeisha.

Sasa tuje kwenye kijipicha, hapa ndo panaponikera kuliko pote. Mtu anachagua picha, developa anaita `URL.createObjectURL(file)`, picha inatokea kwenye kisanduku, safi, anasema huo ndo uthibitisho. Uthibitisho wa nini? Hiyo picha imesomwa kutoka kwenye simu ya huyohuyo mtu. Zima mtandao kabisa uchague picha, itatokea vilevile. Inathibitisha kwamba amechagua faili analolitaka, na hiyo ni kazi nzuri, iache ibaki, lakini ionyeshe ikiwa imefifia na maneno "Bado haijatumwa". Kijipicha cha kuthibitisha ni kile ambacho seva imekitengeneza kutoka kwenye nakala yake, ikakipa anwani, brauza ikakivuta upya kupitia mtandao. Mimi nasubiri `await img.decode()` ikubali ndo niweke alama ya vema, maana hapo najua kimefika na kinafunguka.

Na tofauti inaonekana kwa macho. Simu nyingi zinahifadhi picha ikiwa imelala na kuandika kwenye Exif kwamba izungushwe. Brauza inaisoma hiyo na kuionyesha ikiwa wima, seva ikifuta Exif bila kuizungusha kwanza, picha iliyohifadhiwa imelala ubavu. Ukionyesha ya kwenye simu mtumiaji haoni tatizo, wengine wote wanaliona. Kinyume chake kipo pia, faili la HEIC la iPhone halifunguki kwenye Chrome ya kompyuta, kwa hiyo kisanduku kinabaki tupu hata kama seva yako inaweza kuligeuza kuwa JPEG bila shida. Kijipicha cha seva ndo kinaonyesha watakachoona wengine.

Mtego mmoja hapo, usitumie anwani ileile kila mara, mfano `/avatar.jpg`. Brauza inaweza kutoa ya zamani kwenye kashe, mtu atadhani imegoma na atatuma tena na tena. Kila picha mpya ipewe jina jipya.

Kitu ambacho bado kinanisumbua ni kwamba kijipicha cha simu na cha seva vikifanana kabisa, watu wengi hawatambui kama kimebadilishwa. Kufifia peke yake hakutoshi, kwa hiyo naandika "Imehifadhiwa" kwa maneno, ndani ya kisanduku chenye `role="status"` ili hata anayetumia kisoma skrini asikie.

Makosa nayo. "Kuna tatizo, jaribu tena" sio ujumbe wa kosa, mtu hajui abadilishe nini. Nginx usipoigusa inakataa chochote kinachozidi MB 1 (`client_max_body_size`), inajibu 413 na kufunga mlango wakati brauza bado inasukuma, na mara nyingine brauza haiioni hata hiyo 413, inaona tu muunganisho umekatika. Skrini inasema "angalia mtandao wako", mtu anahangaika na mtandao ambao hauna shida yoyote. Kagua `file.size` kabla ya kutuma na useme wazi kikomo mlichoweka, mfano: "Picha hii ni MB 6, mwisho ni MB 5."

Alafu kuna `xhr.onerror`, pale `status` ni 0. Brauza haikwambii sababu. Muunganisho unaweza kukatika picha ikiwa imeshahifadhiwa, jibu tu ndo limepotea njiani, kwa hiyo kusema "Imeshindikana" hapo ni kubahatisha. Ipe kila picha kitambulisho kabla ya kuituma, `crypto.randomUUID()` inatosha, andika "Hatujapata jibu, tunaangalia kama imefika", mtandao ukirudi uliza seva kama inayo. Ikiwa nayo, onyesha kijipicha chake. Ikiwa haina, tuma tena kwa kitambulisho kilekile, seva ikikatae kikija mara ya pili, na faili libaki palepale kwenye skrini mtu asilazimike kulitafuta upya.