Argumenti si tan⁻¹ peke yake

"Nimegawanya (1 + 5i)/(2 − 3i), nikapata −1 + i. Kikokotoo kinasema tan⁻¹(−1) ni −45°. Si ndiyo argumenti?"

Siyo. Kugawanya umepatia: ukizidisha juu na chini kwa 2 + 3i, juu inakuwa −13 + 13i, chini 13. Moduli ni √2.

Tatizo ni pembe. Kikokotoo kinaona uwiano −1 tu, hakijui alama ya kutoa imetoka wapi. Hata 1 − i ingekupa −45° hiyo hiyo. Chora nukta yako: iko kushoto, upande wa juu wa mhimili halisi. Sehemu halisi ikiwa hasi hivi, ongeza 180°, upate 135°:

√2(cos 135° + i sin 135°)

Ukiwa na shaka, toa argumenti ya chini kwenye ya juu: 78.7° − (−56.3°) = 135°.