"Sikuvuka Mpaka": Dhana Inayowaponza Wenye Laini za Bili Tanga

Mwezi huu nimeisikia mara tatu, na mara ya tatu kahawa nusura inipalie: "Mimi sikuvuka mpaka, basi hiyo pesa ya roming ni wizi." Kazi yangu ni kukagua bili za simu za ofisi ndogondogo hapa Tanga, na kauli hiyo ndiyo inayoua malalamiko mengi kabla hayajafika popote.

Dhana: bila kuvuka mpaka hakuna roming

Mnara hauulizi pasipoti. Horohoro na Jasini, hata baharini ukielekea Vanga, mawimbi ya minara ya Kenya yanaingia kwetu kama yetu yanavyoingia kwao. Mtandao wako ukififia, simu inashika ule inaoupata, hata wa Kenya, na hiyo ndiyo roming. Halafu, na hili wengi hawalijui, ikishashika mtandao wa nchi nyingine haina haraka ya kurudi nyumbani. Aghalabu inang'ang'ania hukohuko mpaka mawimbi ya jirani yaishe nguvu, hata kama ya kwetu yamesharejea. Wewe umekaa kibandani unakunywa chai, simu iko mfukoni, picha zinajipakia zenyewe.

Ndiyo maana "sikuvuka" haimtikisi mtu wa huduma kwa wateja. Anayo kumbukumbu kwamba laini ilikuwa kwenye mtandao wa Kenya, na kumbukumbu hiyo ni ya kweli. Kinachomtikisa ni mstari wenye kosa, na huo huuoni bila mchanganuo wa matumizi.

Chukua kaka mmoja, wakala wa forodha, anashinda Horohoro na kulala Chumbageni. Bili ya laini ya ofisi ilikuja na shilingi 142,000 za data ya roming. Alikuwa keshapiga simu mara nne kufoka. Nikamwambia aache kupiga, aandike. Barua iwe na muhuri wa ofisi, kwa sababu laini imesajiliwa kwa jina la kampuni na yeye mtumiaji tu hapewi kitu. Aombe kila kipindi cha data kwa mstari wake: tarehe na saa kilipoanza, mtandao uliotumika, MB ngapi na bei ya kila MB. Aulize pia roming ilifunguliwa lini kwenye laini hiyo na kwa ombi la nani, na asitoke bila namba ya malalamiko.

Ikaja mistari mitano: MB 120, 42, 42, 46 na 34. Jumla 284, kila MB shilingi 500. Hesabu inakubali. Kaka akaruka: "Ona! Wa kwanza umeandikwa 11:40, saa tano na dakika arobaini asubuhi. Mimi nimetoka Tanga saa sita!" Nikamwonyesha maandishi madogo juu ya safu ya saa: UTC. Saa hiyo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Ongeza tatu unapata 14:40, saa nane na dakika arobaini mchana, na muda huo alikuwa Horohoro. Angeipeleka hoja hiyo wangemcheka.

Lakini mstari wa pili na wa tatu walikuwa pacha: MB zilezile, mtandao uleule, saa ileile hadi sekunde. Kipindi kimoja kimetozwa mara mbili. Shilingi 21,000 zikarudishwa kwenye bili iliyofuata. Zile 121,000 alilipa, maana roming aliifungua mwenyewe mwaka jana akienda Mombasa, na hakuifunga.

Dhana: mchanganuo utaonyesha nilifungua nini

Hauonyeshi. Unaonyesha kiasi tu. Kilichokula data kitafute kwenye simu yenyewe, sehemu ya matumizi ya data, na upige picha ya skrini kabla hesabu haijaanza mwezi mpya. Kwa kaka yetu ilikuwa nakala rudufu ya WhatsApp. Hesabu ya simu na ya kampuni zikipishana kidogo, usiligeuze kuwa kesi.

Dhana: ukipinga bili, usilipe hata senti

Lipa sehemu usiyoipinga, na kiasi unachokipinga kitaje kwenye barua. Vinginevyo laini inakatwa na mjadala unageuka kuwa wa deni.

Dhana: anza TCRA

TCRA, mamlaka inayosimamia kampuni za simu, watakuuliza kwanza kampuni ilikujibu nini. Nenda nayo ile namba ya malalamiko na nakala ya barua.

Ushauri wangu kwa wa Horohoro ni mmoja, na nimechoka kuurudia: zima `Data roaming`, kisha chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu. Kaka wa forodha kafanya hivyo. Juzi kanipigia akilalamika kwamba pale ofisini sasa mtandao unakatika. Nikamwambia atoke nje, asogee upande wa barabara ya Tanga.