Mlio wa masikioni: dhana potofu kuhusu hofu, kutega sikio na tiba ya fikra na tabia

Dhana: "Leo mlio unalia kwa nguvu kuliko jana, basi sikio linazidi kuharibika."

Si lazima. Mgonjwa akipewa sauti za mashine afananishe na mlio wake, mara nyingi huchagua sauti iliyozidi kwa desibeli chache tu ile ndogo kabisa anayoweza kuisikia. Huyohuyo atakwambia mlio unampasua kichwa, na hasemi uongo. Ubongo ukishaihesabu sauti kuwa ya hatari, huiweka mbele ya nyingine zote.

Kutega sikio peke yake kuna nguvu. Mwaka 1953 watafiti Heller na Bergman walieleza jinsi walivyowaweka watu wazima 80, wenye usikivu wa kawaida na wasio na malalamiko yoyote, katika chumba kisichopenya sauti, kisha wakawataka waseme wanachosikia. Asilimia 94 walisikia sauti fulani.

Chukua mfano wa fundi wa kuchomelea mageti pale Unga Limited, Arusha. Mchana grinda na jenereta hufunika mlio. Saa 4 usiku anajilaza, mtaa umetulia, na mlio unajitokeza. Wazo linamjia: "Naelekea kuwa kiziwi, watoto watakula nini?" Moyo unakwenda mbio, shingo inakaza, anatega sikio ahakikishe kama umeongezeka. Kwa kuwa ametega, anausikia zaidi, naye anauchukulia huo kuwa ushahidi. Hofu inapanda tena. Sikio lenyewe huenda halijabadilika hata kidogo tangu asubuhi.

Dhana: "Kunipeleka kwa mwanasaikolojia ni kusema najifanya."

Mlio ni wa kweli, na mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa usikivu. Tiba ya fikra na tabia hushughulikia ule mzunguko wa fundi wetu: wazo, hofu, kutega sikio, kukwepa. Kwa kawaida huwa ni vipindi vya kila wiki, mara nyingi kati ya 6 na 12. Wala haimtaki mtu ajiambie "sauti haipo". Hilo halisaidii, maana anaisikia.

Jaribio moja la mwanzoni huenda hivi. Fundi anakaa mahali patulivu na kuandika anachotabiri, mfano: "Nikiusikiliza utapanda na hautashuka." Kwa dakika 2 anausikiliza mlio, kisha anaandika namba mbili kuanzia 0 hadi 10: ukubwa wa sauti, na jinsi inavyomsumbua. Dakika 2 zinazofuata anapeleka umakini kwenye nyayo zake sakafuni, au bodaboda zinazopita nje, kisha anaandika tena. Halafu anarudi kwenye mlio. Namba ikipanda na kushuka ndani ya dakika 6, ameona mwenyewe kwamba kupanda kwa mlio si kipimo cha kuharibika kwa sikio. Ndipo wazo la "naelekea kuwa kiziwi" linapimwa kwa ushahidi halisi, yaani majibu ya kipimo cha usikivu.

Hapa ndipo wengi huteleza. Jaribio likigeuzwa kuwa desturi, mtu akaandika namba kila saa, amerudi kulekule kukagua mlio, safari hii kwa daftari. Majaribio machache pamoja na mtaalamu yanatosha. Baada ya hapo kazi ni kupunguza kukagua.

Dhana: "Dawa ni kukwepa ukimya, au kuziba masikio."

Kizibo cha masikio ni cha lazima wakati wa grinda. Nyumbani hudhuru: sauti za nje zikipungua, mlio unabaki peke yake. Redio ya kuuzamisha mlio usiku kucha nayo huufundisha ubongo kwamba ukimya ni hatari. Bora feni au sauti ya mvua, chini kidogo ya mlio, ili vyote visikike, kisha ipunguzwe polepole wiki hadi wiki. Usingizi usipokuja kwa takribani dakika 20, inuka, fanya jambo la utulivu, urudi kitandani ukisinzia.

Dhana: "Kama bado nausikia, tiba imeshindwa."

Tiba hii hupunguza usumbufu. Ukubwa wa sauti huenda usibadilike sana. Dalili kwamba inafanya kazi ni ile namba ya pili kushuka, fundi kurudi msikitini au kanisani alikokuwa anakwepa, na saa kupita bila kuukumbuka mlio.

Dhana: "Basi nianze na mwanasaikolojia moja kwa moja."

Hapana, sikio likaguliwe kwanza. Wakati mwingine ni nta tu. Mlio wa upande mmoja, unaodunda sambamba na mapigo ya moyo, au unaoambatana na kizunguzungu, unahitaji daktari wa masikio, pua na koo; hospitali ya KCMC, Moshi, wapo. Usikivu ukipotea ghafla, ndani ya siku 3 au chini, nenda siku hiyohiyo, kwa sababu dawa hufanya kazi vizuri zaidi zikiwahi.