Kwa nini nyota mbili huonekana moja: difraksheni na kigezo cha Rayleigh

Chukua nyembe mbili, zikaribishe makali kwa makali mpaka ubaki mwanya mwembamba sana, kisha pitisha humo mwanga wa leza nyekundu uangukie ukutani. Utaona ukanda mpana wenye mwanga mkali katikati, na pembeni yake kanda fupi zinazofifia, zikitenganishwa na giza. Sasa bana nyembe kidogo. Ukanda wa kati haupungui, bali unapanuka. Kutanda huku kwa mwanga unapopita kwenye uwazi mwembamba ndiko kunaitwa difraksheni, na hutokea kwa sababu mwanga ni mawimbi.

Giza la kwanza linatoka wapi? Ugawe mwanya kwa mawazo katika nusu mbili, ya juu na ya chini. Kila nukta ya nusu ya juu ina mwenzake katika nusu ya chini, umbali wa nusu ya mwanya. Kuna mwelekeo mmoja ambao mwanga wa mwenzake husafiri nusu ya urefu wa wimbi zaidi. Hapo kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine, yakafutana. Kwa kuwa kila nukta ina mwenzake wa kuifuta, ukutani hakubaki kitu. Mwelekeo huo hupatikana kwa

a sin θ = λ

ambapo a ni upana wa mwanya na λ ni urefu wa wimbi. Giza hilo liko pande zote mbili, kwa hiyo upana wa ukanda wa kati, giza hadi giza, ukutani ulio umbali L, ni

W = 2λL/a

Tuchukue leza ya nanomita 650, mwanya wa milimita 0.1 na ukuta ulio mita 2. Ukanda wa kati unakuwa na upana wa sentimita 2.6. Ukipunguza mwanya hadi milimita 0.05, unafika sentimita 5.2. Kanda za pembeni zina nusu tu ya upana huo.

Darubini nayo ni uwazi wa kupitisha mwanga, ila wa duara. Ndiyo maana nyota, hata ikiwa mbali kiasi cha kuwa nukta tupu, ndani ya darubini nzuri huonekana kama kisahani kidogo kilichozungukwa na pete hafifu. Kwa uwazi wa duara wenye kipenyo D, giza la kwanza liko kwenye pembe

θ = 1.22 λ/D

Namba 1.22 inatokana na umbo la duara. Mwaka 1879 Lord Rayleigh alipendekeza kipimo hiki: nyota mbili zihesabiwe zimetengana pale kitovu cha kisahani cha moja kinapoangukia kwenye giza la kwanza la nyingine. Zikiwa na mng'ao sawa, katikati yake mwanga hushuka hadi kama asilimia 74 ya vilele, na jicho laweza kuuona mshuko huo. Zikikaribiana zaidi ya hapo, mshuko hutoweka haraka.

Mfano ninaoupenda ni Porrima, katika kundinyota la Mashuke. Ni nyota mbili zenye mng'ao karibu sawa, zinazozungukana kwa miaka ipatayo 169. Mwaka 2005 zilionekana karibu kabisa, zikitenganishwa na kama sekunde 0.4 za pembe (digrii moja ina sekunde 3,600). Kwa mwanga wa nanomita 550, darubini ya sentimita 10 hutenganisha hadi sekunde 1.4 hivi, kwa hiyo ilionyesha nyota moja tu. Ukipiga hesabu kinyumenyume, zilihitaji kipenyo cha kama sentimita 35. Leo zimeachana kwa zaidi ya sekunde 3, na ile ya sentimita 10 inazigawa vizuri.

Watu wengi hudhani mwaka ule lenzi ya darubini ya upande wa jicho yenye ukuzaji mkubwa ingesaidia. La hasha. Ukuzaji hukuza visahani pamoja na nafasi iliyo kati yake, kwa hiyo vilivyopandana hubaki vimepandana. Tena, kwenye darubini kubwa mara nyingi ni hewa inayokwamisha: usiku wa kawaida mtikisiko wake husambaza nyota kwa sekunde moja hivi au zaidi. Ukiona taswira inachemka na pete hazitulii, tatizo ni hewa, si kipenyo.

Kigezo hiki pia kinadai nyota zilingane mng'ao. Sirius ina mwenza aliye umbali wa sekunde 11 hivi, nafasi ambayo kwa hesabu hata darubini ndogo inaitosha. Lakini mwenza huyo ana mng'ao pungufu karibu mara 10,000, akazama ndani ya mwanga wa mkubwa wake. Alvan Graham Clark alimwona mwaka 1862, alipokuwa akijaribu lenzi mpya ya sentimita 47.