Shikamoo isiyosubiri marahaba

Wazazi wa watoto wangu wa maandalizi hapa Wete huniambia, "Mwalimu, mwanangu shikamoo anaijua." Kuijua anaijua. Lakini asubuhi mlangoni hunipigia "Shikamoo!" huku anakimbilia mkekani, marahaba yangu namjibia kisogo. Mwengine ukimwambia "Sema shikamoo," naye hujibu, "Sema shikamoo." Wapo pia wanaojiitikia wenyewe kwa pumzi moja: "Shikamoo marahaba!"

Hao si watovu wa adabu. Wamefundishwa kurudia neno, zamu hawajafundishwa. Kwa hivyo mimi huanza na zamu, kwa mchezo wa hodi hodi. Kofia moja inatosha, na mstari wa chaki ndio mlango.

Mtoto mmoja anavaa kofia, anakaa kitini: huyo ndiye babu. Mwenzake anapiga hodi, anasubiri "Karibu," anaingia na kusimama mbele yake. "Shikamoo babu." Hapo ndipo penye kazi. Babu nimemfunza asiharakishe, anakohoa, anaitengeneza kofia, halafu ndio anaitikia, "Marahaba, hujambo mjukuu wangu?" Msalimiaji akiondoka kabla, darasa zima linapiga kelele, "Bado!" naye anarudi mlangoni kuanza upya. Wanavyolipenda hilo "Bado!", wengine huondoka makusudi. Kisha kofia inahamia kwa mwengine.

Kofia hiyo usiidharau. Bila alama ya nani mkubwa, mtoto aliyezoea kuwa babu huenda nyumbani akamwitikia bibi yake marahaba. Ukiliona hilo, mpe zamu za kupiga hodi tu mpaka likae sawa. Na mchezo usizidi dakika tano kwa siku; ukirefuka unageuka vurugu.

Mwenye haya humwendea taratibu. Nilikuwa na mtoto wa miaka minne, kila akiona mgeni anaingia ndani ya buibui la mama yake, na mama anamsalimia kwa niaba yake. Tulianza na mdoli aliyevishwa kofia. Halafu akawa anapiga hodi na rafiki yake, wameshikana mikono, wanasema pamoja. Alipozoea, nikamwomba mama amtume kwa bibi wa nyumba ya pili na kibakuli cha tambi, yeye abaki nyuma kimya, ahesabu moyoni mpaka tano. Mtoto akikwama, amsaidie kwa "Shi..." tu, asimalizie. Siku ya mwanzo ilitoka sauti ya chini mno, lakini bibi aliitikia kwa furaha, na kibakuli hakikuachiwa mpaka hujambo imejibiwa.

Njiani ni somo jengine, maana hakuna mlango wa kumkumbusha. Mtoto hodari darasani huwapita wazee barazani kama hawaoni. Huko tunatembea nao, tunasimama kila baraza, na wazee nimeshawaomba wasiitikie anayepita mbio.

Assalaamu aleikum naichelewesha mpaka shikamoo imekaa, kwani nilipozifundisha pamoja nilisalimiwa, "Shikamoo aleikum."